Bulbuli na Waridi kwa Kiingereza: Kushika Wizani au Kushika Maana?

Ghazali ya Kiajemi, yaani shairi fupi, mara nyingi la mapenzi, lenye beti za mistari miwili miwili, ikihamishiwa katika Kiingereza haifiki nzima. Ama wizani na vina vyake hubaki nyuma, ama sehemu ya maana hupotea njiani, na mfasiri asiyeamua mapema ni kipi yuko tayari kukiacha humaliza kazi akiwa amepoteza nusu ya kila kimoja. Uamuzi huo haumhusu mfasiri peke yake. Wengi wetu tunaosoma Kiswahili tumewafikia washairi wa Uajemi kwa kupitia Kiingereza, na hata Shaaban Robert alipozileta rubai za Omar Khayyam katika lugha yetu alizitoa katika Kiingereza cha Edward FitzGerald, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1859. Kwa hiyo msomaji anayeshika tafsiri dukani, mwalimu anayeandaa somo, na kijana anayejifunza Kiajemi na kutaka kujaribu kufasiri, wote wanahitaji kujua kila njia inatoa nini na inadai nini.

Nitazilinganisha njia tatu kwa kutumia ghazali moja ya Hafidhi wa Shirazi, aliyefariki karibu mwaka 1390, kwa sababu ulinganisho usiokuwa na beti mkononi huishia katika maneno ya jumla. Ghazali hiyo ina bulbuli na waridi katika beti yake ya kwanza, na ina karibu kila kikwazo ambacho mfasiri wa Kiingereza hukutana nacho.

Ghazali yenyewe

Beti ya kwanza, nikiiandika kwa matamshi yaliyo karibu na yetu, inasema: *Bulbuli barg-e guli khushrang dar minqar dasht / v'andar an barg u nawa khush nalaha-ye zar dasht.* Kwa Kiswahili cha kawaida maana yake ni kwamba bulbuli alikuwa na petali ya waridi lenye rangi nzuri mdomoni mwake, na katika neema hiyo alikuwa na vilio vitamu vya majonzi. Katika beti ya pili mshairi anamuuliza: nawe umekwisha kukutana na mpenzi wako, kilio hiki na mayowe haya ni ya nini? Bulbuli anajibu kwamba kujidhihirisha kwa mpenzi ndiko kulikomweka katika kazi hii. Beti ya tatu inasema kwamba kama mpenzi hakuketi nasi hatuna haki ya kulalamika, kwa kuwa yeye alikuwa mfalme aliyejaliwa na aliona aibu kukaa na ombaomba.

Utamu wa beti hizi unategemea desturi ambayo kila msikilizaji wa Shirazi aliijua. Katika ushairi wa Kiajemi bulbuli ni mpenzi anayelia usiku kucha, na mara nyingi ni mshairi mwenyewe. Waridi ndilo linalopendwa: ni zuri, lina miiba, halijibu neno, na halidumu. Waridi la Kashan, ambalo Wairani huliita ua la Muhammadi na kulitengenezea marashi, huchanua kwa wiki chache tu katika majira ya kuchipua, na hapo ndipo bulbuli anaposikika. Waridi linapofunguka Waajemi husema linacheka. Katika utenzi wa Attar kuhusu safari ya ndege, wa karne ya 12, hudihudi anamkaripia bulbuli kwa neno hilohilo: waridi hukucheka kila majira ya kuchipua, wala halikuchekei kwa furaha, basi ona haya. Kwa desturi hiyo bulbuli hulia kwa sababu yuko mbali na waridi. Hafidhi ameipindua. Bulbuli wake ana petali mdomoni, amepata alichokitaka, na bado analia. Tafsiri isiyomfanya msomaji ashangae mahali hapo imekosa kiini cha ghazali, hata ikiwa imepatia kila neno.

Vigezo vya kulinganisha

Kigezo cha kwanza ni taswira. Tunauliza kama bulbuli na waridi wamebaki wapenzi wa Kiajemi au wamegeuka ndege na ua la mahali pengine. Kiingereza kina bulbuli wake tayari: katika hadithi za Kigiriki na Kirumi zilizoingia katika ushairi wake, ndege huyu ni mwanamke aliyedhulumiwa, naye hulia kwa dhuluma hiyo. Msomaji wa Kiingereza huja na huzuni ya aina hiyo kichwani kabla hajasoma mstari wowote wa Hafidhi. Zaidi ya hayo, Kiajemi hakitofautishi jinsia katika viwakilishi, sawa na "yeye" yetu, ilhali Kiingereza kinamlazimisha mfasiri kutamka kama anayependwa ni mwanamume, mwanamke, au kitu. Beti ya tatu inamwita mfalme. Wafasiri wengi wa zamani walimfanya mwanamke, na msomaji wao hakujua kwamba kulikuwa na uchaguzi.

Kigezo cha pili ni maana mbili katika neno moja, ambayo wanabalagha wa Kiajemi huiita *iham*, na ambayo Hafidhi anasifika kwayo kuliko washairi wenzake. *Barg* ni jani au petali, na *nawa* ni sauti ya wimbo, lakini maneno hayo mawili yakishikanishwa, *barg u nawa*, humaanisha riziki na vitu vya kumwezesha mtu kuishi. Bulbuli ana petali na wimbo, na papo hapo ana riziki ya kumtosha. Maneno ni yaleyale matatu.

Kigezo cha tatu ni sauti, na hapa sisi tuliolelewa kwa vina na mizani tunapaswa kuwa waangalifu. Mizani yetu huhesabu silabi, lakini wizani wa Kiajemi hupima uzito wake. Mstari wa kwanza hapo juu ukiuhesabu kwa namna yetu una silabi 13, na wa pili una 14, na ungedhani mshairi amekosea. Hakukosea. Ruwaza ya ghazali hii ina nafasi 15, yaani nzito, nyepesi, nzito, nzito, ikirudiwa mara tatu na kufungwa kwa nzito, nyepesi, nzito. Silabi ndefu mno kama *rang* na *qar* katika mstari wa kwanza huchukua nafasi mbili kila moja, nzito na nyepesi, na katika mstari wa pili *zar* hufanya hivyo, na hesabu ikatimia pande zote mbili. Juu ya wizani kuna kina cha *-ar* na baada yake neno *dasht* linalorudi bila kubadilika, ambalo huitwa radifu. Ghazali ina beti 8, na kwa kuwa mistari yote miwili ya beti ya kwanza hubeba kina, mshairi ametumia maneno 9 yenye kina hicho.

Kigezo cha nne ni gharama: kazi inayotakiwa, makosa yanayozoeleka, na namna msomaji anavyoweza kuyatambua bila ya kujua Kiajemi sana.

Njia ya kwanza: kulibeba umbo la Kiajemi lilivyo

Mwaka 1898 Walter Leaf, mwanabenki wa London aliyekuwa pia mtaalamu wa Homeri, alichapisha tafsiri za Hafidhi alizozikusudia kuwa jaribio la kuusikilizisha wizani wa Kiajemi ndani ya Kiingereza. Miaka michache baadaye John Payne naye alishikilia kina kimoja tangu mwanzo hadi mwisho. Njia hii inamheshimu mshairi kwa namna ya pekee, kwa kuwa inakataa dhana kwamba umbo ni vazi la kuvuliwa mlangoni.

Kwa upande wa sauti, ndiyo njia pekee inayomwezesha msomaji wa Kiingereza kusikia kitu kikirudi mwishoni mwa kila beti. Hilo si dogo. Beti za ghazali hazifuatani kama hadithi. Beti ya bulbuli inaweza kufuatwa na beti ya sheikh aliyeweka rehani joho lake katika nyumba ya muuza mvinyo, kama inavyotokea katika ghazali hii, na kinachozishikanisha ni kina na radifu. Ukiviondoa, msomaji huuliza kwa nini mshairi anarukaruka. Hata hivyo wizani wenyewe hauhamishiki sawasawa. Kati ya nafasi 15, nzito ni 11, na mara nyingi mbili hufuatana. Kiingereza hakipimi urefu wa silabi bali mkazo, na mkazo wake hupenda kupishana na wepesi. Mfasiri anayebandika mikazo 11 katika mstari mmoja hupata mstari wenye kishindo, mahali ambapo Kiajemi kinateleza.

Radifu nayo inadai malipo yake. Kiajemi huweka kitenzi mwisho wa sentensi, hivyo *dasht* inakaa pale bila kulazimishwa. Kiingereza huweka kitenzi cha "kuwa na" kabla ya kile kinachomilikiwa, na kukipeleka mwisho ni kuipindua sentensi kila mstari, jambo ambalo sikio la leo hulisikia kama lugha ya kale ya kujitia. Tatizo la ndani zaidi ni kwamba *dasht* haibaki na maana moja. Katika beti ya kwanza ina maana ya kuwa na kitu. Katika ya pili ni kumweka mtu kazini. Katika ya tatu, pamoja na *ar*, ni kuona aibu. Na baadaye ni kuweka rehani. Hakuna neno moja la Kiingereza linalofanya kazi zote hizo, kwa hiyo anayeihifadhi radifu analazimika kuisokota maana ya beti kadhaa ili zilingane na neno alilolichagua.

Taswira na maana mbili huumia kwa sababu hiyohiyo. Mfasiri akishatafuta maneno 9 ya kina kimoja katika lugha yenye uhaba wa vina kuliko Kiajemi, ndipo anapoanza kuingiza nyota, kovu au vitu vingine ambavyo Hafidhi hakuvitaja. Alama ya kosa hili ni rahisi kuiona: litazame neno la mwisho la kila beti, kisha ulinganishe na tafsiri ya nathari ya beti hiyohiyo. Ikiwa maneno ya mwisho hayana asili katika nathari, basi kina ndicho kilichotunga, na mshairi amewekwa pembeni.

Njia hii inamfaa mwanafunzi wa aruzi, yaani elimu ya wizani, mtunzi anayetaka kuandika ghazali zake mwenyewe kwa Kiingereza na kujua umbo linavyofanya kazi, na mtu anayeandaa maneno ya kuimbwa pamoja na lahani iliyopo. Inafaa zaidi kwa ghazali fupi ambayo radifu yake ina maana moja thabiti. Kwa ghazali hii ya petali, naiona ngumu mno.

Njia ya pili: kuazima wizani wa Kiingereza

Hapa mfasiri huyaacha maumbo ya Kiajemi, lakini hakubali kuliacha shairi liwe nathari. Hutafuta mstari ambao msomaji wa Kiingereza ameuzoea, kama ule wa mikazo mitano, na mpangilio wa vina unaobadilika kila ubeti. Gertrude Bell, aliyechapisha tafsiri zake za Hafidhi mwaka 1897, ndiye mfano unaotajwa sana, na katika zama zetu Dick Davis ameifuata kwa uangalifu mkubwa. Davis aliandika kwanza makala ya kueleza kwa nini Hafidhi hafasiriki, kisha mwaka 2012 akatoa kitabu chenye tafsiri zake. Nayaona mambo hayo mawili yakikubaliana, kwa kuwa anayejua vizuri kinachopotea ndiye anayefaa kuchagua cha kupoteza.

Sauti ndiyo nguvu ya njia hii. Shairi linasomeka kama shairi na linashikika kichwani. Kwa tungo za masimulizi mafanikio yake ni makubwa kabisa: utenzi wa Attar una vina vya mistari miwili miwili, na Kiingereza kina umbo la jozi za mistari yenye vina linalolingana nao karibu sawasawa, ndiyo sababu tafsiri ya Afkham Darbandi na Davis ya mwaka 1984 inaweza kusomwa kwa mfululizo bila kuchosha. Ghazali haina bahati hiyo. Bell huzifungua beti zake na kuzitandaza katika ubeti mrefu zaidi, na beti iliyokuwa imejitegemea kama johari moja inakuwa sehemu ya maelezo yanayotiririka.

Kuhusu taswira, upo mfano wa Bell unaostahili kutazamwa kwa karibu. Ghazali nyingine ya Hafidhi, ambayo kwa kawaida husomwa kama maombolezo ya mtoto wake, huanza kwa kusema *bulbuli khun-e dili khurd u guli hasil kard*. Neno kwa neno, bulbuli alikula damu ya moyo na akapata waridi. Lakini kula damu ya moyo katika Kiajemi ni nahau ya kuteseka na kuvumilia kwa muda mrefu, na "kula" hapa si kutafuna, kama ambavyo kwetu anayekula hasara hatafuni kitu. Bell aliandika kwamba bulbuli alilirutubisha waridi jekundu kwa matone ya damu ya moyo wake. Wekundu wa waridi hautajwi katika mstari wa Hafidhi, na damu imehama kutoka kwa anayeila kwenda kwa anayeitoa. Ni taswira nzuri, na pengine msomaji wa Kiingereza anahisi kwayo uchungu wa baba kuliko ambavyo angeuhisi kwa neno "kuteseka". Hata hivyo ni taswira ya Bell, na anayeinukuu kama ya Hafidhi amepotoka.

Maana mbili za *barg u nawa* haziwezi kupita kirahisi katika njia hii, ingawa mfasiri hodari anaweza kulipa mahali pengine: akipoteza mchezo wa maneno katika beti ya kwanza, hutafuta nafasi ya kuuweka wa Kiingereza katika beti ya tano. Malipo ya namna hiyo ni halali ikiwa yanabaki ndani ya desturi ya Kiajemi. Kosa la kawaida ni kuongeza, na kipimo chake ni kuhesabu vitu vinavyoonekana. Chukua beti moja, andika majina ya vitu vyote vilivyomo katika Kiajemi, kisha fanya hivyo kwa Kiingereza. Beti ya petali ina bulbuli, petali, waridi, mdomo, riziki na vilio. Ukikuta matawi, umande na mwezi, ujue mstari ulikuwa mrefu na mfasiri alikuwa na mikazo ya kujaza.

Njia hii inamfaa anayetaka ushairi wa Kiajemi upendwe na wasomaji wasio na nia ya kujifunza Kiajemi, na inamfaa mfasiri ambaye yeye mwenyewe ni mshairi wa Kiingereza. Mtu asiyeweza kutunga kwa mikazo mitano bila ya kamusi ya vina asiichague, kwa kuwa udhaifu wake utaandikiwa Hafidhi.

Njia ya tatu: kushika maana na kuuacha wizani

Katika njia hii mfasiri anaandika nathari au mistari huru, na anaweka nguvu zake zote katika kusema kile kilichosemwa. Ina matawi mawili yasiyofanana. Tawi la kwanza ni la H. Wilberforce Clarke, aliyetoa mwaka 1891 huko Kalkuta tafsiri ya nathari ya diwani ya Hafidhi, akiwa ameijaza maelezo ya kisufi ndani ya sentensi zenyewe. Tawi la pili ni la wale wanaoandika mistari iliyo wazi na kuyaweka maelezo nje ya shairi. Elizabeth Gray mwaka 1995 na Peter Avery mwaka 2007 wako upande huo.

Watu hudhani njia hii ni salama kwa taswira, na kwa sehemu kubwa ni kweli: vitu vilivyomo katika beti vinabaki vilevile, havizidi wala havipungui. Lakini Clarke anaonyesha jinsi maana inavyoweza kuuawa kwa kuhifadhiwa. Kwake mvinyo hauruhusiwi kuwa mvinyo kabla ya kuambiwa kwamba ni mahaba ya Mungu, na anayependwa hupewa cheo chake cha kiroho papo hapo. Katika beti yetu, jibu la bulbuli linataja *jilwa*, neno linalofaa kwa bibi harusi anayefunuliwa uso, kwa mpenzi anayepita mbele ya mtu, na kwa Mungu anayejidhihirisha katika viumbe. Hafidhi hakuchagua moja kati ya hayo, na nguvu ya jibu ni kwamba bulbuli analia mbele ya yote matatu. Mfasiri anayechagua kwa niaba ya msomaji, hata akichagua lile tukufu kuliko mengine, amelifunga dirisha ambalo mshairi aliliacha wazi kwa makusudi.

Maana mbili hubaki hai katika tawi la pili, kwa msaada wa tanbihi. Msomaji huisoma beti, hushuka chini kujifunza *barg u nawa*, kisha hurudi juu. Anapata habari yote, ila hapati kule kushtuka kwa ghafla kunakotokea pale maana mbili zinapogongana katika sikio moja kwa wakati mmoja. Sauti, bila shaka, ndiyo inayolipa gharama. Kina na radifu vikiondoka, kinachozishika beti pamoja kinaondoka, na wasomaji wengi wa tafsiri hizi hufikia uamuzi kwamba Hafidhi hana mpangilio. Mfasiri makini hupunguza hasara kwa kuiacha kila beti ijitegemee, akiweka nafasi nyeupe kati yake na nyingine, na kwa kueleza katika utangulizi kwamba beti ni vito katika uzi mmoja ambao haukuvuka mpaka wa lugha.

Ili kuipima tafsiri ya aina hii, isome kwa sauti. Ikiwa sentensi inahitaji pumzi tatu kwa sababu ya vifungu vya maelezo vilivyochomekwa, maana imegeuka somo. Kisha jaribu kuisoma beti mara mbili, mara ya kwanza kama mapenzi ya watu na mara ya pili kama ibada. Ikikubali usomaji mmoja tu, mfasiri ameamua jambo ambalo halikuwa lake.

Inamfaa mtafiti, mwalimu, mwanafunzi wa Kiajemi mwenye maandishi ya asili kando yake, na kila anayetaka kuifasiri tena katika lugha ya tatu. Kwa upande wa wasomaji, inamchosha yule anayesoma kwa kuburudika.

Beti ya mwisho kama kipimo

Ghazali ya petali inafungwa kwa mstari unaozitofautisha njia hizi vizuri kuliko maelezo yangu. Hafidhi anasema kwamba jicho lake, chini ya paa la kasri la yule mwenye maumbile ya hurulaini, lilikuwa na namna ya *jannat tajri tahtaha l-anhar*. Maneno hayo ya Kiarabu ni ya Kurani, bustani zipitazo mito chini yake, na aliyesoma chuoni katika mwambao wetu anayatambua kabla mstari haujaisha, kama walivyoyatambua watu wa Shirazi. Mpenzi yuko juu katika kasri lake kama peponi; mshairi yuko chini akitiririsha machozi; kwa hiyo pepo imekamilika, na mito iliyo chini yake ni jicho lake. Zaidi ya hayo, *anhar* inaangukia katika kina cha *-ar*, na aya inaingia katika wizani kama iliyotungwa kwa ajili yake.

Njia ya kwanza inaweza kuyaacha maneno ya Kiarabu mahali pake na kuyapatanisha na kina, na kwa mstari huu mmoja inazishinda nyingine. Njia ya pili itaandika mito na bustani kwa uzuri, na msomaji asiyeijua Kurani atadhani ni bustani ya kawaida. Njia ya tatu itaitaja Kurani katika tanbihi, na msomaji ataelewa kila kitu isipokuwa jinsi ilivyosikika.

Uchague ipi, kwa hali ipi

Ikiwa unafasiri kwa mara ya kwanza, anza na njia ya tatu hata kama lengo lako ni shairi lenye wizani. Andika nathari ya kila beti, orodhesha maneno yenye maana mbili, weka alama kwenye radifu na uone ina maana ngapi. Rasimu hiyo ndiyo itakayokuonyesha kama shairi linavumilia kina. Radifu yenye maana moja na beti tano au sita inakupa sababu ya kujaribu njia ya kwanza. Radifu kama *dasht* inakuonya uiache.

Ikiwa mbele yako kuna masimulizi marefu kama ya Attar, chukua njia ya pili bila kusita, kwa kuwa wizani ndio unaomvuta msomaji kurasa mia kadhaa, na umbo la jozi lipo tayari katika Kiingereza. Ikiwa ni ghazali ya kusomwa jukwaani mara moja mbele ya watu, njia ya pili pia inafaa, mradi utaje kwamba ni utunzi juu ya Hafidhi pale ulipoongeza kitu.

Ikiwa unanunua kitabu cha kujisomea na hujui Kiajemi, nunua viwili: kimoja cha wizani na kimoja cha maana, kisha usome ghazali moja katika vyote viwili siku hiyohiyo. Mahali vinapotofautiana sana ndipo penye *iham* au nahau, na hapo ndipo pa kuulizia.

Ikiwa unataka kuipeleka ghazali katika Kiswahili kwa kupitia Kiingereza, usitumie tafsiri ya wizani peke yake kama chanzo. Utaleta nyumbani matone ya damu ya Bell na jinsia iliyochaguliwa na mtu mwingine, wakati lugha yako ilikuwa na "yeye" tangu mwanzo. Tumia ya maana, na vina uvitafute mwenyewe.

Na ikiwa wasomaji wako wa Kiingereza ni Waislamu, wa Mombasa, Muscat au Toronto, una nafasi ambayo Bell na Clarke hawakuwa nayo: uiache aya ya beti ya mwisho kwa Kiarabu chake, bila tanbihi, na uyachague maneno ya mwisho ya beti zilizotangulia yaelekee sauti ya *-ar* hata kama umeuacha wizani wote uliobaki.